Stima ikipotea, mtandao ubaki: jinsi ya kuchagua betri ndogo ya ruta na modemu

Stima inapopotea mtaani, simu hubaki na chaji yake na laptopu huendelea kwa betri yake. Kinachozima ni visanduku viwili vidogo ukutani: modemu inayopokea laini ya mtandao kutoka nje, na ruta inayosambaza waifai ndani. Visanduku hivyo kwa pamoja mara nyingi hula takriban wati 10 tu, sawa na balbu moja ya kisasa. Lakini vikizima, mhudumu wa saiba anayejaza ritani za ushuru za wateja jioni ya 30 Juni, siku ya mwisho ya kuziwasilisha kwa KRA, hawezi kuendelea hata kama laptopu yake ina chaji ya kutosha.

Madukani kunauzwa kifaa kidogo chenye maandishi Mini UPS. Wauzaji wengi hukiita tu betri ya ruta. Hukaa kati ya soketi na ruta, hujichaji wakati stima ipo, na stima ikikatika huendelea kutoa umeme bila ruta kuzima. Ni tofauti na ile UPS kubwa ya kompyuta. Ruta haitumii umeme wa volti 240 wa ukutani. Adapta yake huushusha hadi volti 12, 9 au 5. UPS kubwa huchukua umeme wa betri, huupandisha hadi volti 240, kisha adapta ya ruta huushusha tena, na katika kila hatua sehemu ya umeme hupotea kama joto. Betri ndogo hutoa moja kwa moja volti ambazo ruta inahitaji.

Hata hivyo, adapta uliyopewa pamoja na ruta ilikuwa imekuchagulia volti. Ukiiondoa na kuweka betri, kazi ya kulinganisha volti inakuwa yako.

Laini ya nje ikoje?

Kabla ya kununua, tazama jinsi mtandao unavyoingia nyumbani. Ukiwa na faiba, waya mwembamba huingia kwenye kisanduku chenye taa zilizoandikwa PON na LOS. Faiba hubeba mwanga, na kwa kawaida vigawanyaji vilivyo kwenye nguzo za mtaani havihitaji umeme. Basi laini hiyo huendelea kufanya kazi mtaa mzima ukiwa gizani, mradi kituo cha kampuni ya mtandao kina betri au jenereta.

Katika majengo mengine ya kupangisha, kinachoingia nyumbani ni kebo nene ya mtandao kutoka kwenye kisanduku kilicho ngazini au juu ya paa, nacho kinatumia stima ya jengo. Hapo betri yako itawasha ruta yako tu. Waifai itaonekana kwenye simu lakini mtandao hautakuwepo. Suluhisho ni kumwomba mwenye nyumba aweke betri kwenye kisanduku kile cha jengo, na huenda wapangaji wakachangia. Wenye antena ya paani nao wakumbuke kwamba antena hiyo ina kijisanduku chake cha kuipa umeme, mara nyingi cha volti 24, na hicho pia lazima kipate betri inayotoa volti hizo.

Soma kibandiko

Geuza ruta uangalie chini yake, kisha usome kibandiko cha adapta yake. Kwenye adapta utaona mistari miwili. Ule wa INPUT unahusu umeme wa ukutani, uache. Ule wa OUTPUT ndio unaoutaka, na utasomeka kwa mfano 12V 1A au 9V 0.6A. Ukiona kibandiko cha adapta na kile cha ruta vinatofautiana, fuata cha ruta, kwa sababu adapta hubadilishwa nyumbani bila mtu kukumbuka.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Volti ni msukumo unaotokana na kimo cha tangi, na ampea ni wingi wa maji yanayopita kwenye mfereji. Msukumo lazima uwe sawa na ule ambao kifaa kilitengenezewa. Ruta ya volti 9 ikipewa volti 12 inaweza kupata joto kupita kiasi na kuungua. Zipo zinazovumilia, lakini kibandiko hakikwambii ni zipi, kwa hivyo usijaribu. Ruta ya volti 12 ikipewa 9 haiungui kwa kawaida. Ama haitawaka, ama itawaka na kuzima kila watu wengi wanapoingia kwenye waifai.

Ampea ni tofauti. Zile zilizoandikwa kwenye betri ni uwezo wake wa juu, nayo ruta huvuta kiasi inachohitaji tu. Kwa hivyo tundu la 12V 2A ni salama kwa ruta ya 12V 1A. Kinyume chake ndicho kibaya: ruta za 5G zinazotumia laini ya simu mara nyingi huhitaji ampea 2 au zaidi, na betri ya bei nafuu inayotoa ampea 1 itazidiwa.

Jambo la mwisho kwenye kibandiko ni mchoro mdogo wa duara lenye alama za kujumlisha na kutoa. Unaonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au pembeni. Katika ruta nyingi chanya iko katikati, lakini linganisha michoro ya vifaa vyote viwili, maana chanya na hasi zikibadilishana nafasi ruta inaweza kuharibika mara moja. Plagi yenyewe pia ina vipimo. Iliyo ya kawaida ina upana wa nje wa milimita 5.5 na tundu la ndani la 2.1, lakini kuna yenye tundu la 2.5. Hiyo ya 2.5 itaingia kwenye ruta ya 2.1 ila italegea, na ruta itazima kila meza inapoguswa. Beba adapta yako ya zamani dukani ulinganishe.

Mfano wa saiba moja

Tuseme saiba ina modemu ya faiba ya 12V 1A na ruta ya 9V 0.6A. Vifaa viwili, volti mbili. Mwenye saiba asinunue betri yenye matundu ya volti 12 peke yake, hata kama muuzaji atampa waya wa kugawanya mara mbili. Anatafuta yenye tundu la 12V na tundu la 9V, na zipo kwa wingi.

Anapata moja yenye 12V 2A, 9V 1A na 5V 2A, na imeandikwa kwamba matundu yote kwa pamoja yasizidi wati 18. Wati ni volti mara ampea. Modemu ni 12 mara 1, yaani wati 12. Ruta ni 9 mara 0.6, yaani wati 5.4. Jumla ni 17.4, chini kidogo ya kikomo. Inatosha, lakini hakuna nafasi ya kuongeza chaja ya simu kwenye lile tundu la 5V.

Anapofunga vifaa anakutana na hatari ambayo wengi hawaioni: waya wa volti 12 na ule wa volti 9 huwa na plagi zinazofanana kabisa. Siku mtu atakapofagia na kuzichomoa, anaweza kuzirudisha vibaya. Funga utepe mwekundu kwenye waya wa 12V na kwenye modemu, na utepe mweupe kwenye waya wa 9V na kwenye ruta. Ni kazi ya dakika mbili.

Itadumu kwa muda gani?

Kwenye boksi kumeandikwa 10400mAh. Mwenye saiba anaweza kufikiri kwamba hizo ni ampea 10.4 kwa saa moja, basi kifaa cha ampea 1 kitawaka kwa zaidi ya saa 10. Sivyo. Hesabu hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za seli za lithiamu zilizo ndani, wala si kwa volti 12 zinazotoka. Tafuta herufi Wh, au zidisha mwenyewe: 10.4 mara 3.7 ni takriban wati-saa 38.5. Toa kiasi cha asilimia 15 kinachopotea wakati wa kupandisha volti, unabaki na wati-saa 33 hivi.

Kama vifaa vingevuta wati zote 17.4 za kibandiko, betri ingeisha kabla ya saa 2 kupita. Lakini kibandiko huonyesha kiwango cha juu. Kwa matumizi ya kawaida, modemu na ruta za aina hii huvuta karibu nusu ya hapo, tuseme wati 9, na hivyo betri itadumu kwa zaidi kidogo ya saa 3 na nusu. Hiyo hutosha kwa stima inayokatika baada ya mvua na kurudi jioni hiyo hiyo. Haitoshi kwa usiku kama ule wa 25 Agosti 2023, ambapo karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa muda mrefu.

Ijaribu mwenyewe

Chaji betri mpaka ijae, kisha mchana, watu wakiwa wanatumia mtandao, zima soketi na uandike saa. Taa za ruta zikizima na kuwaka tena papo hapo unapozima, betri inachelewa kushika zamu au ampea zake hazitoshi, irudishe dukani. Ruta ikiendelea lakini taa ya LOS igeuke nyekundu, tatizo liko kwenye laini ya nje. Ikidumu dakika 30 ilhali hesabu yako ilionyesha saa 3, seli zilizo ndani si zile zilizoandikwa kwenye boksi. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi sita, kwani seli huchoka.

Usiifunike kwa kitambaa wala kuiweka juu ya ruta, kwa sababu joto huzizeesha seli haraka. Boksi la betri likianza kuvimba, ichomoe, iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiichome, usiitoboe wala kuitupa pamoja na taka za kawaida. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.