Kiwiko cha Binti Anayetwanga

Binti yule nilimchonga kwa siku nne. Mikono yake ilikuwa na misuli ya mtu aliyezoea mchi, khanga imefungwa kifuani, shingo imeinama kidogo kuelekea kwenye kinu. Kwenye kioo cha kompyuta alipendeza, maadamu hajasogea. Nilipomtia mifupa na kumwinua mkono atwange, kiwiko kilibonyea kwa ndani kama mrija wa plastiki uliokunjwa, na pale kwenye mkunjo pakatokea doa jeusi lililokuwa likicheza kila mchi ulipopanda.

Kosa halikuwa katika mifupa, lilikuwa katika wavu. Mwili wowote wa pande tatu ndani ya kompyuta ni wavu: nukta zilizounganishwa kwa mistari, na kila uwazi kati ya mistari umezibwa kwa kigae kidogo. Sanamu inapochongwa katika programu kama ZBrush au Blender, vigae hivyo hufika mamilioni na hukaa shaghalabaghala, kwa sababu mchongaji anafuata umbo tu. Wavu wa namna hiyo hauhuishiki. Lazima usukwe mwingine juu yake, mwepesi na wenye mpangilio, unaolalia sanamu ya kwanza kama nguo ya kubana. Mafundi huiita kazi hiyo ritopolojia. Binti wangu alikuwa na vigae milioni mbili; nilipomsuka upya akabaki na elfu sita hivi.

Hapo ndipo kila anayejifunza hukutana na amri: tumia vigae vya pembenne, ogopa pembetatu. Amri hiyo ina sababu nzuri, lakini wengi huishika bila kuijua sababu yenyewe, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tazama mkeka. Ukishika ukindu mmoja ukaufuata kwa kidole, unapita chini na juu ya wenzake mpaka unatokea upande wa pili. Wavu wa pembenne uko hivyo hivyo. Ukiingia kwenye kigae kwa upande mmoja, unajua utatokea upande unaokikabili, kisha utaingia kigae cha jirani, na kadhalika, hadi uzunguke mkono wote na kurudi ulipoanzia. Njia hiyo iliyofungwa nitaiita pete. Mwili hukunjika kwa pete: pete za kiwiko, pete za goti, pete zinazouzunguka mdomo na macho zikifuata misuli ya mviringo iliyo chini ya ngozi. Pete zikilala sawasawa na mkunjo, ngozi hukunjika pale panapotakiwa.

Ukiingia kwenye pembetatu, hakuna upande unaokukabili. Mbele yako kuna ncha tu, na njia inaishia hapo. Kwa hiyo pembetatu ni mahali ambapo pete imekatika, na pete ikikatika katikati ya shavu, tabasamu litaonyesha kovu.

Kuna sababu ya pili, inayowahusu zaidi watengeneza filamu. Mwaka 1978 Edwin Catmull na Jim Clark walichapisha njia ya kuulainisha wavu kwa kugawa kila kigae mara kwa mara mpaka uso uwe laini. Pixar waliitumia kwa mhusika wao katika filamu fupi ya Geri's Game ya mwaka 1997, mzee anayecheza sataranji na nafsi yake, na tangu hapo imekuwa kawaida ya filamu za aina hiyo. Njia hiyo inapenda pembenne: kigae cha pembe nne hugawanyika kuwa vinne vilivyopangika vizuri. Pembetatu hugawanyika kuwa pembenne tatu zinazokutana katikati kwenye nukta yenye mistari mitatu, badala ya minne ya kawaida. Nukta zisizo na mistari minne, iwe mitatu, mitano au sita, naziita nyota. Pale penye nyota, mwanga unaoteleza juu ya ngozi hujikunja kidogo, kama kitambaa kilichobanwa kwa pini. Mwaka 1987 Charles Loop alitoa njia yake ya kulainisha wavu wa pembetatu tupu, lakini katika kusuka wahusika ile ya pembenne ndiyo iliyotawala.

Sasa linakuja jambo ambalo wenye kuhubiri pembenne hulipitia haraka. Kadi ya picha ya kompyuta huchora pembetatu. Kila kigae cha pembenne, kabla hakijafika kwenye kioo, hukatwa kwa ulalo na kuwa pembetatu mbili. Sababu anaijua kila aliyepikia mafiga: mawe matatu hayatikisiki hata ardhi iweje, ila kigoda cha miguu minne kwenye sakafu mbovu hucheza. Nukta tatu siku zote ziko kwenye bapa moja. Nukta nne si lazima, na mkono unapokunjika, pembenne zilizo kwenye kiwiko hupindika, kila moja ikiwa na nukta yake iliyoinuka. Ulalo ukipita huku unapata tuta. Ukipita kule unapata bonde. Hujaamua wewe, programu imekuamulia.

Nirudi kwa binti. Mkono wake ulikuwa bomba lenye nukta 8 kwa kila pete. Kwenye kiwiko niliweka pete tatu kamili, zikiachana kwa sentimita mbili. Kila nukta huambiwa ifuate mifupa kwa kiasi gani: pete ya kati ilifuata mfupa wa juu nusu na wa chini nusu, pete ya juu robo tatu kwa robo, na ya chini kinyume chake. Hivyo ndivyo vitabu vinavyofundisha. Mkono ukikunjika kidogo, mambo ni sawa. Ukifika kwenye nyuzi 120, kama inavyotakiwa mchi unapopanda, nyuma ya kiwiko ngozi inanyooka na zile pete tatu zinasaidia, maana ncha ya mfupa inahitaji nukta za kutosha ili isiwe kali kama kisu. Kwa ndani, hata hivyo, nafasi hakuna. Pete tatu zinasongamana, zinapishana, na vigae vinaingiliana. Lile doa jeusi lilikuwa vigae vilivyogeuka ndani nje.

Nilijaribu kuziachanisha pete. Mkunjo wa ndani ukatulia, na kiwiko chenyewe kikawa cha mviringo kama mpira wa kumwagilia maji. Nikazibana tena, doa likarudi. Haikuwa suala la vipimo. Nyuma ya kiwiko na mbele yake zinataka vitu tofauti, na pete kamili inazilazimisha zipate kitu kimoja.

Fundi wa kanzu hukutana na shida ya jinsi hii kwapani, panapohitaji kitambaa zaidi upande mmoja tu. Hapanui mkono wote. Hutia kikwapa, kipande kidogo kinachoingia kama kabari. Watengeneza michezo ya kompyuta, enzi ambazo mhusika mzima alipewa pembetatu mia chache, walifanya hivyo hivyo kwenye viwiko na magoti, na kabari yao ilikuwa pembetatu.

Inasukwa hivi. Acha pete ya kati ikamilike, izunguke nukta zote 8: tatu nyuma, mbili ubavuni, tatu ndani ya mkunjo. Pete ya juu na ya chini zipite nyuma ya kiwiko tu, kwenye zile nukta tatu, kisha ncha zake zishuke na kuungana na pete ya kati kwenye nukta za ubavuni. Nyuma utapata pembenne nne, na ubavuni pembetatu nne, mbili kila upande. Ndani ya mkunjo unabaki mstari mmoja tu, na mstari mmoja hauna wa kupishana naye. Pete mbili kamili zingegharimu vigae 16, yaani pembetatu 32 baada ya kukatwa; kabari inagharimu pembetatu 12.

Nukta ya ubavuni sasa inakutanisha mistari sita, nyota ambayo mwalimu yeyote angeipigia kelele. Lakini angalia ilipo: hasa pale ambapo pini ya bawaba ingepita, kama kiwiko kingekuwa mlango. Mkono ukikunjika, nyuma hunyooka na mbele husinyaa, ila ubavuni ngozi huzunguka tu papo hapo. Nyota isiyovutwa haionekani. Nilipomrudisha binti kwenye kinu, doa lilikuwa limekwisha.

Kwa filamu nisingefanya hivyo. Wavu ukilainishwa, nyota ya mistari sita hubana mwanga hata mkono ukiwa umenyooka. Hapo ni bora pete za nyuma zigeuke na kujifunga zenyewe, zikiizunguka ncha ya kiwiko kama duara dogo la pembenne, na nyota za mistari mitatu na mitano zibaki kwenye kona za duara hilo. Vigae vinaongezeka, lakini filamu haihesabu vigae kama simu ya bei nafuu inavyohesabu.

Mahali pengine uamuzi ni mwepesi. Usoni, kuzunguka macho na mdomo, mimi hukubali pembenne tu. Ndani ya pua, nyuma ya sikio, utosini chini ya nywele, kwenye nyayo: pembetatu zikae zitakavyo, maana hapo hakuna kinachokunjika. Kuzitafuta kwa macho ni kujichosha. Katika Blender, `Faces by Sides` iliyo chini ya `Select All by Trait` huzionyesha zote kwa mara moja. Ila kuziona hakutoshi kuzihukumu. Mimi hutia mifupa ya muda wavu ukiwa haujakamilika, naukunja mkono hadi mwisho, naupaka rangi inayong'aa kama sufuria mpya, kisha naugeuza taratibu. Mng'ao ukikatika, kuna la kurekebisha. Usipokatika, naiacha pembetatu ilipo.

Halafu kuna zile lalo. Mchezo unapopokea wavu wa pembenne, unaweza kuukata kwa lalo tofauti na zile ulizoziona wewe wakati unatengeneza ile picha inayobeba mikunjo midogo ya sanamu ya awali. Ishara yake ni mistari ya kivuli iliyokaa kiherufi X juu ya ngozi ambayo jana ilikuwa safi. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza picha hiyo, nakata wavu mwenyewe kwa `Ctrl+T`, nakagua lalo za kiwiko moja moja, nageuza zile zinazotia bonde nyuma ya mfupa, na nahakikisha mkono wa kushoto ni kioo cha wa kulia. Bila hivyo mikono miwili hukunjika tofauti, na mtazamaji huona kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kukitaja.

Wavu uliokatwa ndio ninaoukabidhi. Ule wa pembenne nauweka kando katika faili lake, kwa sababu `Alt+J`, amri ya kuunganisha pembetatu ziwe pembenne tena, hubahatisha, na kwenye kiwiko hubahatisha vibaya. Wiki mbili baadaye niliambiwa binti ni mwembamba mno kwa mtu anayetwanga kila siku. Nikalifungua faili lile la kando, nikanenepesha mikono pete kwa pete, nikakata upya.