Shafti Moja, Vyuma Viwili: Nani Amebeba Mzigo?

Chukua fito mbili za mviringo zenye unene mmoja. Moja ni ya feleji, nyingine ni ya brasi, ile shaba ya rangi ya dhahabu inayotengenezewa koki za maji. Zimeunganishwa kichwa kwa kichwa zikawa shafti moja iliyonyooka, kisha ncha mbili za nje zikabanwa kwenye kuta mbili imara, zisiweze kuzunguka hata kidogo. Pale zinapokutana, katikati, pamefungwa mkono wa chuma uliopita kushoto na kulia. Mtu anasukuma upande mmoja chini, mwenzake anauvuta upande wa pili juu. Shafti inataka kuzunguka, lakini imeshikwa kote. Swali ni je, katika nguvu hiyo ya kusokota, ukuta wa upande wa feleji unapokea kiasi gani, na ule wa upande wa brasi kiasi gani?

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni nusu kwa nusu. Wengine husema feleji ibebe zaidi kwa kuwa ina nguvu. La kwanza si sahihi. La pili hapa limepatia, ila kwa sababu isiyo yake, na kama tutakavyoona, anayeishika sababu hiyo ataumia siku vipimo vya shafti vitakapobadilika.

Ugumu wa swali hili unaeleweka kwa watu waliobeba gogo. Wakiwa wawili, mmoja kila ncha, ukijua uzito wa gogo na mahali katikati yake palipo unaweza kukokotoa bila wasiwasi kila bega limebeba kilo ngapi. Muongeze wa tatu katikati, hesabu inakwama. Huenda amebeba sana, huenda ameligusa tu bega na anatembea mtupu. Uzito wa gogo peke yake haukwambii. Inabidi ujue urefu wa kila mmoja, ulaini wa bega, na gogo lenyewe linapinda kiasi gani.

Shafti yetu iko katika hali hiyo. Kanuni ya mizani inasema jambo moja tu: nguvu zinazorudishwa na kuta mbili, zikijumlishwa, lazima zilingane na nguvu ya kusokota iliyowekwa katikati. Kama katikati tumeweka niutoni-mita 600, basi 500 na 100 zinafaa, 300 na 300 zinafaa, na 600 na sifuri pia zinafaa. Tuna visivyojulikana viwili na sharti moja. Wahandisi huainisha maumbo ya namna hii katika kundi la yale ambayo mizani pekee haiwezi kuyatatua, na dawa yake ni kuacha kutazama nguvu kwa muda, tukatazama umbo linavyojisokota.

Hapo ndipo sharti la pili linapojitokeza, nalo ni jepesi hata mtu anaweza kulipita asilione. Kiungo ni kimoja. Ncha ya ndani ya feleji na ncha ya ndani ya brasi zimeshikamana, kwa hiyo zinageuka pembe ileile. Ncha za nje hazigeuki kabisa. Basi kipande cha feleji na kipande cha brasi, kila kimoja kati ya ukuta wake na kiungo, vimesokotwa kwa pembe iliyo sawa. Vyuma tofauti, lakini pembe moja.

Kinachobaki ni kujua kila kipande kinadai nguvu kiasi gani ili kikubali kugeuka pembe hiyo. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alilifanyia kazi jambo hili kwa nyaya za chuma na kuliandika mwaka 1784. Waya mrefu husokoteka kwa urahisi kuliko mfupi. Unene nao una nguvu ya ajabu: kipenyo kikizidishwa mara mbili, nguvu inayohitajika kupata pembe ileile inazidi mara kumi na sita. Kisha kuna tabia ya metali yenyewe, ambayo leo tunaipima kwa gigapaskali. Feleji ina takriban 80, brasi takriban 40. Yote hayo yanakaa katika mstari mmoja:

θ = T·L / (G·J)

θ ni pembe, T ni nguvu ya kusokota, L ni urefu, G ni hiyo tabia ya metali, na J ni namba inayotokana na kipenyo. Kwa fito la mviringo lisilo na tundu, J = π·d⁴/32. Fomula hii ni ya mviringo tu. Ukiipeleka kwenye nondo ya pembe nne itakudanganya, kwa sababu sura ya ncha ya nondo hiyo haibaki bapa inaposokotwa.

Tuweke namba. Kila kipande kina urefu wa nusu mita na kipenyo cha milimita 40. Kwa kuwa urefu na unene ni sawa, tofauti imebaki kwenye metali, na feleji ni kaidi mara mbili ya brasi. Ili vigeuke pembe moja, feleji lazima ipate nguvu mara mbili. Kwa hiyo katika zile niutoni-mita 600, feleji inachukua 400 na brasi 200. Ukirudi kwenye fomula na kila moja, utapata pembe ileile, nyuzi 0.57. Mtu anayefanya hesabu hizi asiruke hatua hiyo ya kurudi. Pembe mbili zikikataa kulingana, kuna kosa mahali, na mara nyingi ni milimita zilizochanganywa na mita.

Turudi sasa kwa yule aliyesema feleji ibebe zaidi kwa kuwa ina nguvu. Nguvu ya metali, maana yake kiasi inachostahimili kabla ya kuharibika, haimo kabisa katika mgawanyo huu. Feleji laini ya kawaida na feleji iliyoimarishwa kwa moto zina G ileile karibu sawasawa. Ukibadilisha moja kwa nyingine, mgawanyo unabaki 400 na 200. Mzigo hauendi kwa mwenye nguvu. Unakwenda kwa kaidi, na ukaidi unaamuliwa pia na urefu na unene.

Hebu tusogeze kiungo. Urefu wote ubaki mita 1, lakini feleji iwe sentimita 10 tu na brasi sentimita 90. Kwa macho utadhani shafti imekuwa ya brasi, na brasi ndiyo itakayoumia. Kinyume chake. Kile kijipande kifupi cha feleji sasa kina ukaidi mara kumi na nane ya brasi, na kinabeba niutoni-mita 568 katika zile 600. Brasi yote ile ndefu imeachiwa 32, iko kama mtalii. Ukali wa mkazo kwenye ngozi ya feleji umepanda kutoka megapaskali 32 hadi 45. Mbunifu anayefupisha kipande ili kiwe imara zaidi huwa anakiita mzigo, na asipokuwa mwangalifu anakiita kwenye kipande ambacho hakuwa amekihesabia.

Mpaka hapa tumedai kwamba kuta haziachii hata chembe. Karakanani hilo ni gumu. Ncha ya shafti mara nyingi hushikwa kwa kii, kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati ya shafti na kishikio chake, na kii iliyolika huacha plei. Tuseme upande wa brasi una plei ya nusu nyuzi, na upande wa feleji umekaza. Kwenye ngozi ya shafti ya milimita 40, plei hiyo ni chini kidogo ya milimita 0.2. Ni unene wa karatasi mbili za daftari, au pungufu. Fundi akiitikisa kwa mkono anaweza asiisikie.

Tazama inavyofanya. Nguvu inapoanza kuongezeka, brasi inazunguka tu ndani ya nafasi yake bila kubeba chochote, na feleji iko peke yake. Inabidi feleji ibebe niutoni-mita 351 ndipo kiungo kimegeuka nusu nyuzi na brasi ikagusa. Zile 249 zilizobaki ndizo zinazogawanywa mbili kwa moja. Mwishowe feleji ina 517 na brasi 83, mahali pa 400 na 200. Plei ya karatasi mbili imeizidishia feleji mzigo kwa karibu asilimia 30. Hii ndiyo tabia ya maumbo yaliyoshikwa kupita mahitaji: yanasaidiana vizuri pale tu yote yamekaa sawasawa, na kasoro ndogo ya utengenezaji inageuka kuwa mzigo halisi. Shafti iliyoshikwa ncha moja haina shida hiyo. Kii yake ikiwa na plei, itachelewa tu kukaza, lakini mzigo wake haubadiliki.

Hitilafu hii inagundulika bila vifaa vya gharama. Mkono wa chuma kwenye kiungo uwe na urefu wa mita 1, nusu kila upande wa shafti. Kila ncha ya mkono isukumwe kwa niutoni 600, moja juu, moja chini, ambazo ni karibu uzito wa kilo 61 kila upande. Ni lazima zitumike mbili zinazopingana, kwani ukining'iniza uzito upande mmoja tu, shafti itapinda pia na kipimo kitachafuka. Weka rula iliyosimama kando ya ncha ya mkono. Kama kuta zimeshika sawasawa, ncha hiyo itasogea milimita 5. Kwa plei ya nusu nyuzi upande wa brasi itasogea kama 6.4.

Afadhali zaidi usiweke mzigo wote kwa mpigo. Panda kwa niutoni-mita 100 kila mara na uandike. Shafti iliyokaa vizuri inasogea milimita 0.8 kwa kila hatua, tangu mwanzo hadi mwisho. Ikianza kwa 1.2 kila hatua kisha katikati ya njia ikashuka hadi 0.8, brasi ndiyo iliyokuwa imelegea, na mahali kasi ilipobadilika ndipo ilipogusa. Ikianza kwa 2.5, mwenye plei ni feleji, na brasi ilikuwa ikihangaika peke yake. Na ikienda 1.2 moja kwa moja mpaka mwisho, ikafika milimita 7.5, ncha ya brasi haijashika kabisa, na shafti hiyo ni ya feleji peke yake hadi kii itakapobadilishwa.