Barua ya Mpangaji wa Musoma Anayeomba Muda wa Kulipa Kodi

Barua ya kumwomba mwenye nyumba aongeze muda wa kulipa kodi ya pango hufuata umbo la barua rasmi linalofundishwa shuleni, lakini kinachomfanya mwenye nyumba akubali au akatae si wingi wa maneno ya unyenyekevu, bali ni tarehe na kiasi vilivyotajwa humo, pamoja na maelezo ya kwa nini fedha zitapatikana siku hiyo na si kabla yake. Katika Mkoa wa Mara maelezo hayo mara nyingi hutokana na msimu, kwa kuwa mpangaji wa Bunda au Butiama anayelima pamba husubiri malipo ya chama cha ushirika cha msingi, na yule wa Musoma anayeuza dagaa hutegemea mwendo wa mwezi angani.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta karibu na mtumbwi, na kwa sababu hiyo usiku wa mbalamwezi, ambapo mwanga wa taa hupoteza nguvu, wavuvi wengi hupumzika hadi giza lirejee. Mvua nayo ina hasara yake, kwani dagaa walioanikwa wakilowa huharibika na huishia kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku.

Chukuliwe mfano wa mama anayeuza dagaa na kupanga vyumba viwili Nyasho kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, ambaye hulipa miezi mitatu kwa pamoja, na ambaye anapaswa kulipa shilingi 180,000 tarehe 1 Machi 2026, wakati mzigo wake wa Februari umelowa mvua. Mwezi mpevu wa Machi mwaka huo unaangukia tarehe 3, kwa hiyo kuahidi kulipa tarehe 7 ni kujitafutia aibu, ilhali giza likirejea katikati ya mwezi, mzigo mpya unaweza kukaushwa na kuuzwa kabla ya mbalamwezi nyingine.

Barua yake, iliyoandikwa tarehe 25 Februari, yaani kabla ya deni kuiva, inaanza na anwani yake upande wa kulia na ya mwenye nyumba upande wa kushoto, kisha “Ndugu Mzee,” na kichwa: “YAH: KUOMBA KUONGEZEWA MUDA WA KULIPA KODI YA PANGO”, ambapo “Yah” ni kifupi cha “yahusu”. Baada ya “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu” na salamu fupi, kiini chake kinasomeka hivi: “Mzee, kodi ya Machi hadi Mei, shilingi 180,000, sitaweza kuikamilisha tarehe 1 kwa sababu mzigo wangu wa dagaa ulilowa mvua, na siku hizo wavuvi watakuwa wamepumzika kwa ajili ya mbalamwezi. Naomba unipokelee shilingi 90,000 tarehe 16 Machi na shilingi 90,000 zilizobaki tarehe 25 Machi. Kodi za nyuma zote nimelipa.” Kisha yanafuata shukrani, jina na sahihi, na hakuna haja ya kusimulia ada za watoto wala ugonjwa wa shangazi, kwa kuwa kila sababu inayoongezwa huipunguzia nguvu ile ya kwanza.

Sentensi ya kodi za nyuma ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu barua yenye sahihi ni ukiri wa deni, na Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 huruhusu muda wa kudai deni uanze kuhesabiwa upya tangu siku ya ukiri wa maandishi. Mpangaji anayeandika tu “deni langu lote”, bila kutaja miezi na kiasi, humwachia mwenye nyumba nafasi ya kulijaza deni hilo apendavyo.

Barua iandikwe nakala mbili, na mwenye nyumba, ambaye huenda anaishi Butiama huku nyumba yake ikiwa mjini, aandike kwenye nakala ya mpangaji “Nimekubali”, tarehe na sahihi, kwani kukubali kwa simu ni rahisi kukanwa baadaye. Kumpelekea nakala mwenyekiti wa mtaa mapema hivyo si busara, maana ombi hugeuka kuonekana kama mashtaka.

Ikiwa ombi litakataliwa na mvutano ukaendelea, Baraza la Ardhi la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hupatanisha tu bila kutoa hukumu, ndilo hutangulia, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko nakala yenye sahihi za pande zote mbili ndiyo itakayomsaidia mpangaji.