Kupunguza "halafu" katika ripoti

Mlinzi wa ghala aliandika: "Mlango ulikutwa wazi halafu meneja akapigiwa simu halafu akaja halafu mifuko ikahesabiwa halafu mitatu haikuonekana." Nani alihesabu? Saa ngapi? Ripoti haisemi.

Tenganisha matukio, kisha ulizia kila tendo mtendaji wake na umtangulize: "Saa 11 alfajiri mlinzi alikuta mlango wazi. Alimpigia simu meneja, aliyefika saa 12. Wote wawili walihesabu mifuko na kukuta mitatu imepungua."

Sasa saa ndizo zinazoonyesha mfuatano. Lakini usifute "kwa sababu" wala "hivyo", kwani hubeba chanzo na matokeo. Na mtendaji asipojulikana, usimbuni: "kufuli lilivunjwa" inatosha.