Simamisha Mteremko Wima Kwanza

Kwenye chumba cha mtihani hakuna majibu nyuma ya kitabu. Na sisi wa ualimu tuna tatizo la ziada: ukienda mazoezi ya kufundisha, unachoandika ubaoni darasa zima limeshakinakili kabla hujageuka.

Chukua lile swali tulilolizoea. Kipande cha mbao kinateleza kushuka mteremko wenye pembe θ, kizigeu cha msuguano ni μ, tafuta mchapuko. Kwenye kikundi mmoja anapata a = g(sin θ − μ cos θ), mwenzake anapata a = g(cos θ − μ sin θ). Mkiingiza 30° na 0.2, wa kwanza anapata 3.2, wa pili 7.5. Zote ziko chini ya 9.8, kwa hiyo hakuna inayoshtua. Ndiyo maana mimi siingizi namba mapema. Namba inaficha kosa, herufi zinalianika.

Sasa simamisha mteremko mpaka 90°. Hapo sin ni 1 na cos ni 0. Jibu la kwanza linabaki g tupu, na ni sawa kabisa: mteremko umekuwa ukuta, mbao haiukandamizi, hivyo msuguano haupo na mbao inaanguka huru. Jibu la pili linatoa −μg, yaani mbao iliyoachiwa kando ya ukuta inachapuka kwenda juu! Huyo mwenzetu kaweka pembe vibaya kwenye mchoro wa kani, sin na cos zikabadilishana. Akarudi kwenye mchoro, asihangaike na kikokotoo.

Ukilaza mteremko mpaka 0°, jibu sahihi nalo linatoa −μg. Usilifute. Tulipoandika kanuni tulishakubali kwamba mbao inateleza, na mbao inayoteleza kwenye sakafu kweli inapunguza mwendo kwa μg. Ikiwa imetulia tu, kanuni hii haiihusu, na mchapuko wake ni sifuri.

Ila kupita kipimo siyo ushahidi kamili. Tuseme mtu kaandika a = g(sin θ − 2μ cos θ). Ondoa msuguano, unapata g sin θ, safi. Simamisha wima, unapata g, safi tena. Ile 2 imejificha kwa sababu pande zote mbili tumeua neno la msuguano. Inabidi utafute hali ambayo msuguano uko hai: mbao inashuka kwa mwendo usiobadilika, mg sin θ ikilingana na μmg cos θ, yaani tan θ = μ. Kwa 0.2 hiyo ni kama 11.3°. Kanuni yenye 2 inasema 21.8°, na tofauti hiyo unaweza kuipima kwa ubao, vitabu vya kuuinulia na protrakta.