Kanuni Inayoiongoza Kasi ya Bitcoin

Mtandao wa Bitcoin umekusudiwa kutoa bloku moja ya miamala kila dakika 10, kwa wastani. Mwaka 2009 kazi hiyo ilifanywa na kompyuta za kawaida. Leo inafanywa na maghala yaliyojaa mashine zisizojua kazi nyingine, na nguvu ya mtandao mzima imeongezeka zaidi ya mara trilioni moja. Hata hivyo bloku zinaendelea kutoka kwa mwendo uleule, bila ofisi inayousimamia wala fundi anayeurekebisha. Kinachoushika mwendo huo ni kanuni fupi iliyomo ndani ya programu yenyewe.

Kwanza tuitazame kazi ya mchimbaji. Hukusanya miamala mipya katika bloku, huweka humo namba ya kubahatisha, kisha huipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256. Hesabu hiyo hutoa jawabu, yaani namba kubwa sana ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Jawabu likiwa chini ya kikomo kilichowekwa, bloku inakubaliwa. Likizidi, mchimbaji hubadili namba yake na kujaribu tena. Ni sawa na kurusha dadu yenye nyuso nyingi mno huku ukitafuta namba ndogo kuliko uliyotajiwa. Aliyekwisha kurusha mara milioni hayuko karibu zaidi na ushindi kuliko anayeanza sasa.

Kikomo kikiteremshwa, majawabu yanayofaa hupungua na majaribio yanayohitajika huongezeka. Kipimo cha hali hiyo ndicho kinachoitwa ugumu. Mtandao ulipoanza Januari 2009, ugumu ulikuwa 1, na bloku moja ilihitaji wastani wa majaribio bilioni 4.3 hivi. Ugumu ukiwa 2, majaribio huwa maradufu, na kuendelea hivyo.

Marekebisho hufanyika kila baada ya bloku 2,016. Kwa mwendo wa dakika 10, bloku hizo huchukua wiki mbili kamili, yaani sekunde 1,209,600. Bloku ya mwisho ya kipindi ikishapatikana, kila kompyuta inayohakiki mtandao hutazama muda ulioandikwa kwenye bloku ya kwanza na ya mwisho, hutoa tofauti, kisha hupiga hesabu hii:

```
kikomo_kipya = kikomo_cha_sasa × sekunde_zilizotumika / 1209600
```

Kipindi kikiisha mapema, kikomo hushuka na kazi huwa ngumu zaidi. Kikichelewa, kikomo hupanda na kazi hupungua. Kompyuta hizo hazihitaji kushauriana, kwa kuwa zote zinasoma bloku zilezile na kufuata kanuni ileile, kwa hiyo zinafikia jibu moja. Mchimbaji akitumia kikomo kingine, bloku yake inakataliwa.

Msomaji makini atauliza: ikiwa muda huo huandikwa na wachimbaji wenyewe, kwa nini wasidanganye? Wanaweza kuukosea kidogo, lakini wamewekewa mipaka. Muda wa bloku lazima uzidi muda wa katikati wa bloku 11 zilizotangulia, na usiipite saa ya kompyuta inayohakiki kwa zaidi ya saa mbili. Katika kipindi cha wiki mbili, saa mbili hazibadilishi mambo sana. Tena marekebisho ya mara moja hayaruhusiwi kuzidi mara nne, yawe ya kupandisha au ya kushusha.

Kanuni hii ilipata mtihani mkubwa mwaka 2021. Mwezi Mei serikali ya China ilitangaza kwamba itazuia uchimbaji wa Bitcoin, na wakati huo sehemu kubwa ya mashine za dunia ilikuwa nchini humo. Mwezi Juni hata jimbo la Sichuan, lililovutia wachimbaji kwa umeme wake wa maji, lilifunga shughuli hizo. Mashine zilizimwa kwa wingi, nyingine zikapakiwa kupelekwa nchi za nje.

Kipindi kilichoanza katikati ya Juni kilikuwa na ugumu wa trilioni 19.93, uliopangwa kwa nguvu ambayo sasa ilikuwa inatoweka. Bloku zikaanza kuchelewa, na wastani ukafika karibu dakika 14. Bloku 2,016 zilizopaswa kumalizika kwa siku 14 zilichukua siku 19 na nusu hivi. Gawanya siku hizo kwa 14, utapata takribani 1.39. Kikomo kilipandishwa kwa kiasi hicho, na ugumu ukagawanywa kwa namba hiyohiyo. Tarehe 3 Julai 2021 ukashuka hadi trilioni 14.36, pungufu ya karibu asilimia 28. Hakukuwa na kikao wala tangazo. Wachimbaji waliobaki walijikuta wakipata bloku nyingi zaidi kwa umeme uleule. Kufikia mwisho wa Julai mashine zilikuwa zimeanza kurudi kazini, na ugumu ukapanda tena kwa asilimia 6.

Kisa hicho kinaonyesha pia udhaifu wa kanuni hii: inatazama nyuma tu, tena kipindi chake kinahesabiwa kwa bloku, si kwa siku. Nguvu ikipungua ghafla, bloku zinachelewa, na kuchelewa huko kunaisogeza mbele siku ya marekebisho yenyewe.

Je, isingekuwa bora kurekebisha haraka zaidi? Bitcoin Cash, iliyojitenga na Bitcoin Agosti 2017, ilijaribu. Iliongeza kanuni ya dharura ya kushusha ugumu kwa asilimia 20 bloku zikichelewa kupita kiasi. Wachimbaji wakajifunza kuondoka ili ugumu uporomoke, kisha kurudi kwa pamoja na kuchimba bloku chungu nzima kwa bei rahisi. Kanuni hiyo iliondolewa Novemba mwaka huohuo, lakini bloku za ziada zilikwisha kuingia kwenye mnyororo. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya malipo ya wachimbaji wake yapunguzwe nusu Aprili 2020, mwezi mmoja kabla ya Bitcoin, ingawa punguzo hilo hufika kwenye bloku namba 630,000 kwa zote mbili. Kanuni inayoshtuka upesi ni rahisi kuchezewa.

Anayetaka kujua kama mtandao umepungukiwa nguvu asiitazame bloku moja. Kwa kuwa kila jaribio ni bahati tupu, hata mtandao wenye afya njema hupitisha zaidi ya saa nzima bila bloku, mara moja hivi kila siku tatu. Wastani wa bloku mia kadhaa ndio unaosema ukweli. Mamia ya bloku yakienda kwa dakika 12 au 13, nguvu imepungua, na ugumu utashuka kipindi kitakapoisha.

Kanuni hii ina mpaka wake pia. Tuseme asilimia 90 ya mashine zinazimika siku kipindi kinapoanza. Kila bloku ingechukua dakika 100, na kipindi kingemalizika baada ya siku 140. Hesabu ingetaka ugumu ugawanywe kwa kumi, lakini mpaka wa mara nne ungezuia. Kipindi cha pili kingekwenda kwa dakika 25 kwa bloku, siku 35 nyingine, ndipo mwendo wa dakika 10 urejee. Jumla ni karibu miezi sita ya miamala kupanga foleni, na katika muda huo wote mtandao ungetegemea wachimbaji wachache waliokubali kuendelea kulipia umeme huku malipo yao yakija kwa kuchelewa.