Tafsiri ya Kifungu cha Usuluhishi na Sheria Tawala katika Mikataba ya Biashara: Mfano wa Mwanza

Makala haya yanafafanua namna ya kutafsiri kifungu cha usuluhishi bila kupoteza athari zake za kisheria. Mfano unaotumika ni wa kubuni: kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza kinanunua majokofu kutoka kwa kampuni ya Kenya. Mkataba wa Kiingereza unaweka makao ya usuluhishi Nairobi, unaruhusu vikao Mwanza, unachagua kanuni za Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi na lugha ya Kiingereza, kisha unautawalisha mkataba kwa sheria za Tanzania.

Tafsiri ya haraka inaweza kusomeka hivi: "Usuluhishi utafanyika Nairobi au Mwanza kwa sheria za Kituo, na mkataba utafuata sheria za Tanzania." Sentensi hiyo ni fasaha, lakini imebadili makubaliano.

Kosa la kwanza limo katika neno "utafanyika". Makao ya usuluhishi si ukumbi, bali ni uhusiano wa kisheria kati ya shauri na nchi fulani. Makao yakiwa Nairobi, Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya mwaka 1995 ndiyo inayosimamia mwenendo, na ombi la kubatilisha tuzo hupelekwa Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miezi 3 tangu mwombaji apokee tuzo. Kiwanda kinachoamini kuwa Mwanza nayo ni makao kinaweza kufungua ombi Tanzania, na muda ukakipita. Kwa hiyo inafaa kuandikwa "makao ya kisheria ya usuluhishi", na Mwanza ipewe sentensi yake yenye "vikao vinaweza kufanyika".

Kosa la pili ni kuziita kanuni "sheria". Kanuni za Kituo huongoza hatua kama uteuzi wa wasuluhishi. Sheria za Tanzania huamua haki na wajibu wa pande mbili katika mauziano. Neno moja likibeba yote mawili, msomaji hajui lipi linatawala nini.

Kosa la tatu ni kuiacha lugha ya mwenendo. Kuwepo kwa nakala ya Kiswahili hakuifanyi lugha hiyo kuwa ya shauri. Ni lazima isomeke kwamba lugha ya mwenendo itakuwa Kiingereza.

Neno "usuluhishi" lenyewe lina utata. Katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, lina maana ya upatanishi. Katika Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania ya mwaka 2020, lina maana ya utaratibu unaozaa tuzo yenye nguvu ya kisheria. Fasili ya mwanzoni mwa mkataba huondoa utata huo.

Tafsiri hupimwa kwa kumpa msomaji nakala ya Kiswahili pekee, kisha kumuuliza: tuzo itapingwa katika mahakama ya nchi gani, wasuluhishi watateuliwa kwa kanuni zipi, nyaraka zitawasilishwa kwa lugha gani, na ubovu wa majokofu utapimwa kwa sheria ya nchi gani? Jibu lolote linalotofautiana na asili huonyesha sentensi ya kurekebishwa.